Kweli au Uongo: Nani Amevunja Ndoa, Sheikh, Askofu au Hakimu?

Mgodi wa Buzwagi ulianza kutoa dhahabu mwaka 2009 na uzalishaji ukasimama Julai 2021. Waliokuwa na ajira pale wakatawanyika: wengine Bulyanhulu, wengine Geita, wengine wakaingia maduarani Nyarugusu na kwingineko kwenye uchimbaji mdogo. Baadhi walirudi kwa wake zao. Baadhi hawakurudi, na wengine walituma talaka kwa simu.

Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Kahama. Anayekuja kwangu kuulizia ndoa huwa ameshapewa jibu na mtu mwingine kabla yangu: shangazi, jirani, mwalimu wa kwaya, dereva wa bodaboda aliyewahi kuachana na mkewe. Majibu hayo yana ukweli ndani yake, lakini ukweli wenyewe umekatwa nusu, na nusu iliyokosekana ndiyo inayomponza mtu. Nimeyachukua machache ninayoyasikia mara nyingi zaidi.

"Sheikh ameshaniandikia talaka, basi nimeachika."

Kidini, inaweza kuwa kweli. Kiserikali, Tanzania Bara, si kweli.

Siku ya nikaha, sheikh mwenye leseni ya kufungisha ndoa hufanya mambo mawili kwa pamoja. Anawaozesha kwa sharia, na anajaza cheti cha serikali ambacho kumbukumbu yake huishia kwa Msajili wa Ndoa, RITA. Ndoa moja imeingia kwenye vitabu viwili. Mume anapotamka talaka, kitabu cha kwanza kinafungwa kwa taratibu zake: eda inahesabiwa, yaani twahara tatu kwa mwanamke anayepata hedhi, miezi mitatu kwa asiyeipata, hadi kujifungua kwa mjamzito. Kitabu cha pili hakijaguswa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema ndoa iliyofungwa hapa nchini huvunjwa na mahakama, na kwa Bara mahakama hizo ni ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi na Mahakama Kuu. Kadhi hayumo. Mahakama za kadhi zilizokuwa sehemu ya dola upande wa Bara ziliondolewa baada ya uhuru. Kadhi wa BAKWATA tuliye naye leo ana heshima na elimu, na waumini wanamsikiliza, lakini karatasi yake haina nguvu ya hukumu.

Hapa ndipo watu wanapochanganywa na ndugu wa Mombasa au Unguja. Kenya, Katiba ya 2010 katika ibara ya 170 inazitaja mahakama za kadhi kuwa mahakama za nchi. Zanzibar nayo ina sheria yake ya Mahakama ya Kadhi ya mwaka 2017. Dada aliyeachwa Chake Chake akipewa hukumu na kadhi, amepewa na mahakama. Dada aliyeachwa Kahama akipewa barua na sheikh, amepewa barua.

Hii haina maana kwamba sheria ya Bara imeidharau talaka ya Kiislamu. Imeipa nafasi nzuri sana, ila imeipangia zamu yake, na zamu hiyo karibu hakuna anayeijua. Kifungu cha 107(3) kinasema hivi kwa maneno ya kawaida: kama ndoa ilifungwa Kiislamu, na Baraza la Usuluhishi la Ndoa limethibitisha kuwa limeshindwa kuwapatanisha, na baada ya hati hiyo mmoja wao akafanya jambo ambalo kwa sharia lingevunja ndoa, basi mahakama itaona ndoa imevunjika pasipo matumaini ya kurekebishwa, na itatoa talaka. Mwombaji hatahitaji tena kuthibitisha ukatili wala uzinzi.

Tuseme mwanamke wa Mwendakulima ambaye mumewe yuko Geita. Mume anatuma ujumbe wa sauti: "Nimekuacha." Mwanamke anaukubali, anakaa eda, na baada ya mwaka anakwenda Mahakama ya Mwanzo kudai sehemu yake ya nyumba. Karani anamuuliza hati ya Baraza. Hana. Anatoa barua ya sheikh yenye mhuri, inayosema wawili hawa wameachana tarehe fulani. Karani anamrudisha, na hajamwonea. Kifungu cha 101 kinakataza kufungua shauri la talaka kabla mgogoro haujapelekwa Barazani na Baraza kuthibitisha kuwa limeshindwa. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufani, ikiwa Mtwara, ilifuta mwenendo mzima wa shauri la wanandoa wa Kiislamu kwa sababu hiyo: talaka ilikuwepo, wala haikuwa na shaka, lakini hapakuwa na hati halali ya Baraza, na 107(3) haiwezi kutumika mpaka 101 imetimizwa. Walikwishapita mahakama za chini, wakaambiwa waanze upya.

Mwanamke wetu angefanyaje? Angekwenda kwanza kwenye Baraza la Kata, au Baraza la BAKWATA ambalo sheria inaruhusu liteuliwe kuwa Baraza la Usuluhishi kwa waumini wake. Baraza lingemwita mume, lingewasikiliza, na likishindwa lingetoa hati, ile ambayo mahakamani wengi huiita Fomu Namba 3, ikieleza limeona nini. Mume akiitwa na kwa makusudi asije, hilo nalo linahesabika, kwa hiyo hawezi kumzuia mkewe kwa kugoma. Hati ikishatoka, mume atamke talaka kama bado anataka, au mke apate khului, kisha shauri lifunguliwe ndani ya miezi sita tangu hati kutolewa. Miezi sita ikipita, hati imechacha, na itabidi kurudi Barazani.

Kwa yule ambaye talaka yake ilitangulia na eda imeshakwisha, mlango haujafungwa. Atapitia Baraza vilevile, ila mahakamani ataeleza kwa njia ya kawaida jinsi ndoa ilivyovunjika: kutelekezwa, kutotunzwa, ukatili, ugoni. Ni safari ndefu kidogo kuliko ile ya 107(3).

Namna ya kuikagua karatasi uliyonayo ni rahisi. Soma inasema nini. Ikisema "wameachana" au "nimewaachanisha", umeshika barua ya dini. Ikisema "Baraza limeshindwa kuwasuluhisha", ikatiwa sahihi kwa jina la Baraza, umeshika hati ya kwenda nayo mahakamani. Wapo masheikh wanaokaa kwenye Baraza lililoteuliwa lakini kwa mazoea wanaandika barua ya kwanza badala ya hati ya pili. Mwombe akuandikie inayotakiwa. Wengi wao wakieleweshwa huiandika siku hiyohiyo.

"Mwanamke wa Kiislamu hawezi kudai kuachwa. Anasubiri mume aamue."

Uongo, na unawaumiza wanawake wengi kuliko uongo wowote mwingine ninaousikia.

Kidini, mwanamke ana milango miwili. Khului ni makubaliano: anajikomboa kwa kurudisha mahari au sehemu waliyopatana, na mume anamwacha. Baada ya khului mume hana rejea, na wakitaka kurudiana wanafunga ndoa mpya. Mlango wa pili, faskhi, hauhitaji ridhaa ya mume. Kadhi anaivunja ndoa mwenyewe baada ya kuthibitishiwa sababu, na kwa madhehebu ya Shafi yanayofuatwa na Waislamu wengi wa kwetu, sababu hizo ni pamoja na mume kushindwa kumpa mke matumizi, wazimu, au kushindwa tendo la ndoa. Kadhi atataka mashahidi na kiapo, na atatafuta habari za mume kwa ndugu zake. Kabla ya yote atauliza kama familia zimejaribu kuwapatanisha, maana Kurani yenyewe, sura ya 4 aya ya 35, imeagiza mwamuzi mmoja kutoka kwa mume na mmoja kutoka kwa mke.

Jambo la kuchunga kwenye khului ni hili: usikubali kuandikiwa kwamba umerudisha mahari "na huna madai mengine yoyote" bila kuelewa unachoandikiwa. Mahari ni haki ya kidini. Sehemu yako ya nyumba mliyojenga wote ni haki nyingine, na anayeigawa ni mahakama kwa kifungu cha 114. Kadhi hawezi kukupa nyumba. Usimwachie pia nafasi ya kukuondolea.

Kesi ya Bi Hawa Mohamed, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983 chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ndiyo iliyoweka wazi kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa. Yeye mwenyewe kwa mazingira ya kesi yake hakuongezewa kitu, lakini kila mwanamke aliyepika na kulea huku mume akiwa shifti ya usiku mgodini anasimama juu ya uamuzi ule.

"Kanisa Katoliki nalo linatoa talaka, ila kwa wenye hela."

Uongo mara mbili.

Kanisa halitoi talaka. Mahakama ya Kanisa huulizwa swali moja tu: siku ile mliposimama altareni, je, ndoa ilifungwa kweli? Hakimu wa serikali anatazama mwisho wa ndoa na kuuliza kama imevunjika. Hakimu wa Kanisa anatazama mwanzo wake. Akiona ilifungwa sawasawa, hata kama mume alikuja kuwa na nyumba ndogo tatu, atajibu kwamba ubatili haujathibitika.

Watu hupotelea hapa. Mama anakuja na orodha ndefu: alinipiga, alihamia kwa mwanamke mwingine Katoro, hakutuma ada za watoto. Kwa hakimu wa Mahakama ya Mwanzo orodha hiyo ni sababu za kutosha. Mbele ya mahakama ya Kanisa hizo bado si sababu. Zinaweza kuwa ushahidi, kama zinaonyesha jambo lililokuwepo tangu mwanzo.

Tuseme mume wake alikuwa na huyo mwanamke wa Katoro kabla ya harusi, akawaambia wenzake wa shifti kwamba anaoa kanisani ili wazee watulie, ila yule hatamwacha kamwe. Mtu wa namna hiyo alitamka kiapo cha uaminifu huku moyoni amekwisha kuukataa. Sheria za Kanisa, kanuni ya 1101, zinasema ridhaa yake ilikuwa batili. Mashahidi wa maana hapo ni wale wenzake waliomsikia kabla ya harusi. Majirani walioona ugomvi wa mwaka wa tano watasaidia kidogo tu. Barua, jumbe za simu za wakati wa uchumba na maneno ya katekista aliyewafundisha vina uzito kuliko ripoti ya polisi ya juzi.

Au tuseme binti alisitasita, lakini ng'ombe wa mahari walikuwa wameshapokelewa, wengine wameshatumika kumwolea kaka yake, na baba akamwambia asithubutu kumwaibisha. Kanuni ya 1103 inabatilisha ndoa iliyofungwa kwa nguvu au kwa hofu kubwa ambayo mtu hana njia ya kuikwepa isipokuwa kuolewa. Kwetu huku Usukumani na Unyamwezini hilo si jambo la kufikirika. Lakini lazima lithibitishwe: nani alimtisha, kwa maneno gani, na yeye alimlalamikia nani wakati huo. Aibu ya kawaida ya kuogopa maneno ya watu haitoshi.

Safari yenyewe inaanzia kwa paroko. Atakusaidia kuandika hati ya madai: mmefunga lini na wapi, mliishi vipi, unadhani ubatili uko wapi, na mashahidi ni akina nani. Unaambatisha cheti cha ndoa na vyeti vya ubatizo. Hati inapelekwa kupitia jimbo kwenye mahakama ya Kanisa yenye mamlaka, ambayo inaweza kuwa ya mahali ndoa ilipofungwa, au anapoishi mmoja wenu, au penye ushahidi mwingi. Kwa hiyo aliyefunga ndoa Bukoba na sasa anaishi Kahama halazimiki kurudi Bukoba. Mwenzako ataarifiwa na kupewa nafasi ya kusema. Akikataa kuja, shauri linaendelea bila yeye. Yupo pia ofisa anayeitwa mtetezi wa kifungo cha ndoa, ambaye kazi yake ni kuleta hoja zote halali za kuonyesha kwamba ndoa ile ni halali. Usimwone adui. Bila yeye hakuna atakayeiamini hukumu.

Hadi mwaka 2015 hukumu moja haikutosha, ilibidi mahakama mbili zikubaliane. Papa Fransisko aliliondoa sharti hilo kwa waraka wake wenye tarehe ya Agosti 15, ulioanza kutumika Desemba 8 mwaka huohuo. Sasa hukumu ya kwanza inatosha kama hakuna aliyekata rufaa ndani ya siku 15. Sheria za Kanisa zinataka shauri la daraja la kwanza lisizidi mwaka, ingawa mashahidi waliotawanyika kwenye migodi mitatu wanaweza kulirefusha. Kuhusu hela, waraka uleule umeagiza maaskofu wahakikishe huduma hii inatolewa bure kadiri inavyowezekana. Unaweza kuombwa mchango wa gharama za ofisi, na usipokuwa nao useme. Anayekuambia atakupatia ubatili kwa kiasi fulani cha fedha ni tapeli, hata kama anamfahamu padri kwa jina.

Jambo moja linalowashangaza wengi ni ndoa ya bomani. Wakatoliki wawili waliofunga ndoa ofisi ya Mkuu wa Wilaya tu, bila kibali cha Kanisa na bila kuibariki baadaye, kwa serikali ni mke na mume kamili. Kwa Kanisa hawajafunga ndoa, maana hawakufuata utaratibu unaowafunga Wakatoliki. Mmoja wao akitaka kuoa kanisani, paroko hatahitaji shauri refu, ni kukusanya vyeti na kuthibitisha hali hiyo. Lakini akiharakisha kufunga ndoa mpya kanisani kabla mahakama ya serikali haijavunja ile ya bomani, ataingia matatani, maana cheti cha pili nacho kinakwenda RITA.

"Kanisa likibatilisha ndoa, watoto wanakuwa wa nje ya ndoa."

Uongo. Kanuni ya 1137 inasema watoto waliozaliwa katika ndoa halali, au katika ndoa ambayo angalau mmoja aliidhania kwa nia njema kuwa halali, ni watoto halali. Hukumu ya ubatili haiwagusi. Kwa serikali, matunzo na malezi yao yanaamuliwa na mahakama, na kwa mtoto wa chini ya miaka saba Sheria ya Ndoa inaanza na dhana kwamba ni vizuri akae na mama, dhana ambayo inaweza kupingwa kwa ushahidi.

"Nina hukumu ya talaka ya Mahakama ya Wilaya. Naweza kufunga ndoa kanisani."

Kwa Mkatoliki, uongo, mpaka mahakama ya Kanisa iseme ndoa ya kwanza ilikuwa batili au mwenzako awe amefariki. Hata hivyo usiitupe hukumu hiyo. Mahakama ya Kanisa inapaswa kwanza kujiridhisha kwamba maisha ya pamoja hayawezi kurudi, na hukumu ya serikali inaonyesha hilo haraka. Mimi huwashauri wenye mali na watoto waanze na serikali, kwa sababu Kanisa halitagawa kiwanja wala kuamuru matunzo.

Nyongeza, kwa ajili ya wanaoumia bila sababu: Mkatoliki aliyeachika kwa talaka ya serikali na hajaingia kwenye ndoa au maisha ya kinyumba na mtu mwingine hajatengwa na Komunyo. Nimewahi kukutana na mama aliyekaa miaka bila kuipokea kwa kuwa majirani wa jumuiya walimwambia haruhusiwi.

"Mume amepotea machimboni miaka saba. Ndoa imekufa yenyewe."

Uongo kote, kwa serikali, Kanisani na kwa kadhi. Hakuna ndoa inayooza kwa kukaa.

Kwa serikali njia ziko mbili. Kama mume amekutelekeza na hujui aliko, sheria inakuruhusu kwenda mahakamani bila kupita Barazani, na kutelekezwa kwa miaka mitatu au zaidi ni ushahidi kwamba ndoa imevunjika. Kama hajasikika kabisa kwa miaka mitano na wale ambao wangetarajiwa kupata habari zake, Sheria ya Ndoa inaruhusu mahakama idhanie amefariki. Utahitaji watu hao waseme: mama yake, kaka yake, mwenye duara aliyemfanyia kazi, na kumbukumbu ya taarifa uliyotoa polisi. Siku ya kwanza anapopotea, toa taarifa, uombe namba yake, uitunze.

Kadhi naye hahesabu miaka na kunyamaza. Atatafuta habari na kusikiliza mashahidi kabla ya kutamka faskhi. Kanisa ni kali zaidi: kupita kwa muda peke yake, hata uwe mrefu namna gani, hakutoshi kwa askofu kutamka kwamba mwenzi amekufa. Anataka uhakika wa kimaadili kutokana na mashahidi, mazingira, hata minong'ono inayoweza kufuatiliwa. Tuseme duara liliporomoka Nyarugusu na wenzake wanasema alikuwa ndani siku ile, lakini mwili haukupatikana. Wenzake hao ndio ushahidi, na wachimbaji wadogo hawakai mahali pamoja. Waandikishe majina, walikotoka, na namba za simu za ndugu zao nyumbani wakati bado wako kwenye msiba.